Kumpa influensa mdogo kopo lako akutangazie: hesabu ya siagi ya karanga, Moshi

Wengi mnaoanza kuuza bidhaa ndogo mnaniuliza swali moja: influensa mwenye wafuasi elfu sita nimlipe shilingi ngapi? Jibu halipo kwenye wafuasi wake. Lipo kwenye kopo lako, kwa hiyo tuanzie hapo ndipo twende kwake.

Tuchukue siagi ya karanga inayotengenezwa Moshi, kopo moja linauzwa 7,000. Ukijumlisha karanga, kopo lenyewe na lebo, kusaga, gesi ya kukaangia na malipo ya anayekusaidia, tuseme kila kopo limekugharimu 4,300. Kinachobaki ni 2,700. Mtu akija kwa tangazo unampunguzia 500 ili awe na sababu ya kulitaja tangazo, basi kinabaki 2,200. Hiyo 2,200 ndiyo mfuko wako wote wa matangazo kwa kopo moja. Usafiri sijauingiza kwa sababu mteja analipa mwenyewe boda au mzigo wa basi. Kama wewe ndiye unayelipia usafiri, utoe kwanza kabla hujasoma mstari unaofuata.

Sasa dada mmoja anakuambia posti moja na stori tatu ni laki moja, na anataka makopo matatu ya kuonja na kupigia picha. Makopo yale yamekugharimu 12,900. Jumla ni 112,900. Igawe kwa 2,200, unapata makopo 52 ya kuuza ili urudi sifuri tu. Kwa akaunti ambayo stori yake inaonwa na watu mia tano au sita, makopo 52 ni mengi mno. Hapo hujamwita mwizi na hujasema kazi yake ni mbovu. Umejua tu kwamba bei hiyo inamfaa mwenye bidhaa inayobakiza zaidi ya 2,200.

Kabla ya kubishana bei, hakikisha unabishana na mtu sahihi. Kwetu kaskazini kuna mtego ambao wenzetu wa mikoa mingine hawaujui sana: akaunti za utalii. Unakuta kijana wa Arusha ana wafuasi elfu kumi na nane, picha za Ngorongoro zinang'aa, komenti zinamiminika. Ukimwomba akuonyeshe wafuasi wake wanatoka wapi, unakuta sehemu kubwa ni watu wa Ulaya na Marekani wanaoota safari. Ni akaunti nzuri kabisa kwa mwenye kambi ya mahema. Kwa siagi ya karanga haina kazi, kwani hakuna atakayeagiza kopo kutoka Ujerumani. Mama wa Moshi mwenye wafuasi elfu sita, anayeonyesha uji wa watoto na chakula cha shule, anakuzidishia wateja.

Instagram humwonyesha mwenye akaunti ya biashara au ya watayarishi miji na umri wa wafuasi wake. Mwombe hiyo, tena usipokee skrinshoti. Skrinshoti huhaririwa kwa dakika mbili. Mwombe arekodi skrini akifungua takwimu mwenyewe, au mkutane mnywe chai akuonyeshe kwenye simu yake. Anayekataa kabisa mwache kwa heshima. Wengi wakiona Dar es Salaam inaongoza kwenye orodha ya miji wanakata tamaa, lakini Dar si tatizo ikiwa umeshajua mzigo wa kopo moja kwa basi unagharimu kiasi gani na uko tayari kuusema mapema.

Halafu soma komenti. Soma maneno yake, kuhesabu tu hakutoshi. Moto moto na "umependeza mama" hazikusaidii kitu. Unatafuta "bei gani hiyo?", "unapatikana wapi?", "mwanangu hali karanga, nifanyeje?" Fungua posti tano za nyuma uangalie nani anakomenti. Ukikuta watu wale wale kumi kila posti, tena nao ni mainfluensa wadogo, ujue kuna kikundi cha WhatsApp cha kusaidiana komenti. Tafuta pia posti yake ya tangazo la mtu mwingine. Kama watu waliuliza bei pale na yeye akawajibu, huyo amezoea kuuza. Kama aliposti akaondoka, maswali yakabaki yananing'inia, ndivyo atakavyofanya na kopo lako.

Bei sasa. Mimi napendelea malipo ya sehemu mbili: kiasi kidogo cha uhakika kwa kazi ya mikono yake, halafu kamisheni kwa kila kopo lililonunuliwa na mteja mpya. Kwa kopo letu, 30,000 ya uhakika na 1,000 kwa kopo. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mama, natumaini watoto hawajambo. Kuhusu siagi, bajeti yangu ni ndogo, sitaki kukudanganya. Naomba nikupe elfu thelathini siku ya kuposti, halafu elfu moja kwa kila kopo kwenye oda ya kwanza ya mteja mpya atakayetaja neno lako ndani ya siku 30. Kila Jumamosi nakutumia hesabu na pesa yako. Naomba rili moja na stori tatu, na rili ibaki kwenye ukurasa."

Yeye anaweza kujibu: "Marahaba. Elfu thelathini ni ndogo mwanangu, kuhariri video tu ni siku nzima." Ana haki. Unaweza kupandisha ya uhakika hadi 40,000 ukapunguza kamisheni, au ukaondoa rili ukabaki na stori. Usichopandisha ni vyote viwili kwa mpigo, kwa sababu 2,200 ni ile ile.

Yaandikeni kwenye ujumbe mmoja ambao wote mmeukubali: anaposti nini, lini, inakaa muda gani, na kama una ruhusa ya kuitumia video yake kwenye ukurasa wako. Hili la mwisho husahaulika, na mara nyingi video ndiyo yenye thamani kuliko posti. Ongeza kwamba aweke alama ya ushirikiano wa kulipwa, na kwamba kwa siku hizo 30 hatangazi siagi nyingine.

Kwa chakula kuna la ziada. Mwandikie asichoruhusiwa kusema: asiseme inatibu, asiseme inaongeza maziwa ya mama. Akisema yeye, swali linarudi kwako. Na jiandae kuulizwa sumukuvu. Wamama wa uji wanaijua, karanga na mahindi ndiko inakokaa. Stori ikitoka, swali la "mmepima sumukuvu?" litakuja siku hiyo hiyo, na influensa lazima awe na jibu lako pamoja na picha ya cheti chako cha TBS mkononi kabla ya kuposti. Kama bidhaa yako bado haijasajiliwa TBS, malizana nao kwanza, tangazo lisubiri.

Kupima ndiko watu wanakopotea. Wanahesabu walioona, wanahesabu waliopenda, kisha wanasema "imefanya vizuri". Kila influensa mpe linki yake ya WhatsApp yenye ujumbe ulioandikwa tayari, na ndani yake neno lake. Wa uji tumpe neno UJI:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%2C%20naomba%20siagi%20ya%20karanga%20UJI
```

Namba inaanza na 255 bila alama ya kujumlisha wala sifuri, na kila nafasi kati ya maneno inaandikwa %20. Ijaribu kwenye simu ya mtu mwingine kwanza. Linki anaiweka kwenye stori na kwenye wasifu wake. Mteja akibonyeza, ujumbe unakuja na UJI, nawe kwenye WhatsApp Business unaubandika lebo ya UJI. Anayekuja mwenyewe dukani Mbuyuni bila linki muulize: "umetusikia wapi?" Andika jibu kwenye daftari, usitegemee kichwa.

Baada ya siku 30, tuseme lebo ya UJI ina jumbe 41. Walionunua ni 26, makopo 31. Mwenye haraka anafurahia hapo. Wewe chukua namba za simu za hao 26 uzilinganishe na orodha yako ya zamani. Unakuta saba ni wateja wako wa siku zote, waliochukua makopo manane. Waliliona neno kwenye kikundi cha mtaani wakajipatia punguzo. Hawa hukuletewa na mtu, na kwao umepoteza 500 mara nane, yaani 4,000. Wapya ni 19, makopo 23.

Makopo 23 yanabakiza 1,200 kila moja baada ya punguzo na kamisheni: 27,600. Toa 30,000 ya uhakika, toa 12,900 ya makopo ya kuonja, toa ile 4,000. Uko hasi 19,300. Kila mteja mpya amekugharimu kama 1,000. Kwa mkataba wa laki moja bila kamisheni, matokeo yale yale yangekuacha hasi 66,300, karibu 3,500 kwa kila mteja.

Je, hasara ya 19,300 ni mbaya? Inategemea nani atarudi. Kopo la pili halina punguzo wala kamisheni, linabakiza 2,700 kamili. Wakirudi wanane tu kati ya 19 kwa kopo moja moja, unapata 21,600 na deni limekwisha. Kwa hiyo usifunge hesabu siku ya 30. Irudie siku ya 60, na hapo angalia wale wapya tu. Ukiwa unauza kitu ambacho mtu hununua mara moja kwa miaka, kama kikapu au viatu vya ngozi, huna kopo la pili la kukuokoa. Hapo oda ya kwanza lazima ilipe gharama zote.

Angalia pia majira. Usiweke tangazo nusu ya pili ya Desemba ukadhani umejua nguvu ya influensa. Wachaga wamerudi nyumbani, mji umejaa, hata kopo lisilotangazwa linatoka. Mwisho wa mwezi nao ulinganishe na mwisho wa mwezi mwingine.

Wale 15 walioandika wasinunue ndio ninaowasoma kwa makini zaidi. Fungua mazungumzo yao moja moja. Wengine wako Dar na walinyamaza ulipowatajia gharama ya mzigo. Hilo haliponi kwa influensa mpya, linapona kwa kuuza makopo matatu kwa mzigo mmoja. Wengine waliandika saa tatu usiku, stori ilipotoka, ukawajibu asubuhi wakiwa wameshasahau. Raundi ijayo panga na mama wa uji aposti saa ambayo simu yako iko mkononi. Naye ukimtumia hesabu hizi, pamoja na hao 15, atajua cha kusema kwenye stori ya pili: bei ya mzigo wa Dar itajwe humo humo kwenye video.