Wasifu wa maneno 50: acha kukata ndani ya dai

"Wadau, naomba msaada. Kongamano la maji hapa Nairobi wanataka wasifu wa maneno 50 wa kuchapisha kwenye programu. Ule mrefu unasema mimi ni mtaalamu mbobezi mwenye tajriba ya zaidi ya miaka kumi, mhandisi mhitimu niliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, EBK, nilikuwa kwenye timu ya watu sita iliyobuni mfumo wa kugundua uvujaji Eastlands, nilishauri kaunti mbili kwa mkataba wa miezi mitatu, na nasomea uzamivu. Nimepunguza hivi: 'Mhandisi Fulani, Dkt. (mtarajiwa), ni mtaalamu mbobezi mwenye tajriba ya zaidi ya miaka kumi. Alibuni mfumo wa kugundua uvujaji wa mabomba Eastlands. Ni mshauri wa kaunti…' Bado nimezidi. Nikate nini tena? Nianze na elimu ama kazi? Na picha iwe ya suti?"

Usitume hiyo. Weka kalamu chini kwanza.

Tatizo lako si urefu. Ule mrefu ulikuwa wa kweli kutoka mwanzo hadi mwisho, huu mfupi una uongo mara nne, na ukiacha hiyo Dkt., hukuongeza neno hata moja la kudanganya. Ulifuta tu. Ulifuta "mhitimu", ukajikuta na cheo cha mhandisi kamili, ambacho Sheria ya Wahandisi ya 2011 imekiwekea mipaka. Ulifuta "timu ya watu sita", wenzako watano wakatoweka. "Mkataba wa miezi mitatu" ulipoondoka, ushauri uliokwisha ukawa kazi ya kudumu. "Nasomea" nayo ikageuka mabano baada ya Dkt. Mtarajiwa wa nini? Kwa mpango huo kila aliyeposa angejiita mume.

Hili shimo nalijua, msiniulize nalijuaje.

Na najua nani amekuelekeza huko. Ni wale wakufunzi wa "kujinadi" wanaokodi chumba cha hoteli Westlands, wanawalisha watu mandazi na chai ya saa nne, halafu wanawaambia: "Ondoa maneno dhaifu, bakiza vitenzi vyenye nguvu." Hayo wanayoyaita dhaifu, yaani alishiriki, aliwahi, anasomea, mhitimu, ndiyo yanayolishika dai lisianguke. Ukiyatoa, sentensi inanona na mwenyewe unabaki uchi. Mkufunzi hatakuwa ukumbini siku hiyo. Ada yake ameshakula.

Watakaokuwa ukumbini ni hawa. Msimamizi wa kikao, ambaye mara nyingi hajawahi kukuona, atausoma wasifu wako kwa sauti kama ulivyochapishwa. Kwenye kongamano la maji, pengine wawili kati ya wale wenzako watano wameketi safu ya tatu. Mtu wa EBK naye hakosi, na sajili ya bodi inatafutwa kwa jina mtandaoni, kwa hiyo mwenye simu atakukagua kabla hujafika slaidi ya pili. Mawakili nao wana ya kwao ya chama chao, LSK, wasicheke. Baada ya hapo PDF ya programu inabaki mtandaoni miaka na miaka, na hakuna sekretarieti inayorudi kusahihisha ya mwaka jana.

Basi kanuni ni moja: kata dai zima, usikate ndani ya dai.

Fanya hivi. Chukua ule mrefu, uuvunje, kila dai mstari wake, na kila dai libaki na neno linalolishika. "Mhandisi mhitimu aliyesajiliwa na EBK" ni mstari mmoja, "timu ya watu sita iliyobuni mfumo" ni mwingine, uzamivu mwingine, kaunti mbili mwingine. Sasa soma kichwa cha mada yako, kisha uliza kila mstari swali moja tu: huu unamfanya msikilizaji aniamini kuhusu mada hii? Ukijibu hapana, mstari mzima unakwenda, hata kama unaupenda. Mada yako ikiwa ni uvujaji, kaunti mbili zinakwenda (mkataba uliisha, na hujasema ulihusu mabomba). "Mtaalamu mbobezi" inakwenda kwa sababu si dai, ni sifa unayojipa. "Zaidi ya miaka kumi" pia inakwenda, maana haisemi miaka hiyo ulikuwa ukifanya nini. Hapo umeshaokoa maneno mengi bila kugusa ukweli wowote.

Ukishabakiza mistari mitatu au minne, ndipo unabana lugha. Na hapa Kiswahili kinakubeba, kwa sababu neno la kulishika dai mara nyingi linaingia ndani ya kitenzi. "Alibuni" ni neno moja, "alishiriki kubuni" ni mawili. Ukweli umekugharimu neno moja! "Ni mshauri" ni mawili, "aliwahi kushauri" pia mawili, kwa hiyo hapo hulipi kitu. "Dkt. (mtarajiwa)" ni mawili na "anasomea uzamivu" ni mawili vilevile. Aliyekwambia hakuna nafasi ya ukweli hakuhesabu.

Nimekuandikia, nikibahatisha ajira yako, idadi ya mitaa na eneo la utafiti, rekebisha:

"Fulani ni mhandisi mhitimu aliyesajiliwa na EBK, na anasimamia upimaji wa maji yanayopotea katika kampuni ya maji ya kaunti. Alishirikiana na wenzake watano kubuni mfumo wa kugundua uvujaji unaotumika katika mitaa mitatu ya Eastlands. Anasomea uzamivu kuhusu presha ya maji kwenye mabomba yaliyozeeka."

Hesabu, ni maneno 43. Usikimbilie kuyajaza saba yaliyobaki. Jina lako halisi likiwa la maneno matatu, umefika 45. Mhariri akiamua kuandika "Bodi ya Wahandisi Kenya" badala ya EBK, ni 48. Ukituma 50 kamili, mabadiliko kama hayo yanakuvusha mpaka na sekretarieti inakata yenyewe, na hao hawajui neno lipi limeshika nini. Wataona "mhandisi mhitimu" waone "mhandisi" inatosha. Ukituma 63 ndiyo kabisa, watafyeka kutoka mwisho, labda katikati ya sentensi.

Angalia pia kwamba "wenzake watano" si kunyenyekea. Mtu akisikia idadi anajua mradi ulikuwepo na una watu wa kuulizwa. "Alibuni mfumo" peke yake kila mtu anasema, na kila mtu ameshazoea kutoamini.

Umeuliza elimu ama kazi ianze: kazi, ile inayogusa mada. Elimu ifuate ikiwa nayo inaigusa.

Kitu kimoja kinachowanasa hata waliofanya yote haya sawasawa: fomu ya kujisajili ina kisanduku cha cheo, na kinachochaguliwa pale ndicho kinachochapishwa mbele ya jina, nje ya maneno yako 50. Unaweza kuandika "mhandisi mhitimu" vizuri kabisa chini, halafu juu yake pakasomeka "Eng." kwa herufi nene kwa sababu ulibofya haraka, au kwa sababu msaidizi wa ofisi alikujazia kwa heshima. Chagua Bw. ama Bi. Kisha waandikie sekretarieti wakutumie ukurasa wako kabla programu haijakwenda kwa mchapishaji, na ukifika, soma mstari wa jina kwanza.