Zuhura Mapacha, Mirihi Kaa

"Chati ya kuzaliwa ya mume wangu ina sayari ya Zuhura kwenye nyota ya Mapacha, na Mirihi kwenye Kaa. Meseji tamu kutwa, akikasirika ananuna siku tatu. Chati imekosewa?"

Habari dada. Kwanza angalia kama alizaliwa siku ambayo sayari mojawapo ilihama nyota. Hapo ndipo saa ya kuzaliwa hubadili jibu. Mirihi kwa kawaida hukaa nyota moja wiki sita, saba hivi.

Kama sivyo, chati iko sawa. Zuhura Mapacha hupenda kwa maneno, Mirihi Kaa hasira huingia nayo gambani. Mimi ninayo hiyohiyo: nikiudhika naosha vyombo kwa kelele, ukiniuliza nasema "hakuna kitu". Mke wangu huniwekea chai, anaondoka zake. Baadaye namfuata mwenyewe. Lakini siku tatu? Hiyo ni yake, chati haihesabu siku.