Jua Lizame, Bei Isizame: Slaidi Moja, Sekunde 30 za Redio

Kijana aliyenipa kazi hii alinitumia slaidi moja tu kwa WhatsApp, saa nne usiku, na maneno machache: "Kaka, tangazo la redio la sekunde 30. Kila kitu kimo humo."

Kweli kila kitu kilikuwamo. Kulikuwa na picha ya kasha jeupe la barafu, la kufungwa nyuma ya pikipiki kwa ajili ya wachuuzi wa samaki. Juu yake, kwa herufi kubwa, ujumbe mkuu: "Tunaleta mapinduzi katika mnyororo baridi wa mazao ya uvuvi kupitia teknolojia nafuu ya uhifadhi." Chini vikapangwa vidokezo: lita 60, barafu hudumu saa 48 (na kinyota kidogo pembeni), dhamana miaka 2, bei ya uzinduzi Sh 85,000, uzinduzi Jumamosi, namba mbili za simu. Jina halisi la bidhaa naliacha, hapa nitaliita Kasha.

Slaidi yenyewe haikuwa na ubaya. Iliandikiwa watu wa benki na wafadhili waliokaa ukumbini, watu wanaojua kwamba mnyororo baridi ni kuweka samaki kwenye baridi tangu anapovuliwa hadi anapouzwa, na asiyeelewa anaweza kuirudia kwa macho mara tatu. Msikilizaji wa redio hapa Tanga yuko jikoni Makorora anakuna nazi, au yuko juu ya pikipiki anaelekea Pongwe. Neno likimpita limempita.

Zamani ningechukua ile sentensi kubwa nikailainisha. "Mapinduzi" yangekuwa "mabadiliko", "mazao ya uvuvi" yangekuwa "samaki", basi. Nimeandika matangazo mengi ya namna hiyo na yote yalikuwa na ugonjwa mmoja: yanaanza na "tunaleta". Kampuni inajisemea yenyewe, na huyo anayekuna nazi hajauliza habari zake. Siku hizi naiweka slaidi kando, namuuliza mwenye bidhaa swali moja: mtu aliyenunua hiki kitu, akakitumia siku mbili, atamwambia nini jirani yake wa mezani sokoni? Yule kijana alifikiri kidogo akajibu, "Atamwambia kuna punguzo la upotevu baada ya uvuvi." Nikaona hapa hatufiki. Asubuhi yake nikaenda mwenyewe Soko la Samaki Deep Sea.

Pale nikamweleza dada mmoja muuzaji, kwa lugha ya kawaida, kasha linafanya nini. Hakushangaa wala nini. Akasema, "Kaka'ngu, mimi asubuhi sina shida. Kinachoniua ni saa kumi jioni. Jua likishuka, na bei inashuka." Mkononi nilikuwa na daftari lakini sikuhitaji kuandika, kwa sababu maneno yale yalikaa kichwani papo hapo. Kama maneno ya mtu yamekukaa kichwani bila kuyaandika, na msikilizaji wa redio yatamkaa. Huo ndio ujumbe mkuu, ule ule wa kwenye slaidi, ila umesemwa kutoka upande wa aliyeshika kisu cha kupara samaki.

Nilirudi nyumbani na haraka ya mwenye kupata, nikaandika kibwagizo: "Samaki wa jana, bei ya leo." Nikakipenda sana. Nikampigia yule dada, akacheka mpaka nikaona aibu. "Nani atakuja mezani kwangu akisikia nauza samaki wa jana?" Hapo kuna jambo ambalo slaidi haiwezi kukuonyesha. Ukumbini unajua nani amekaa mbele yako. Redio inamfikia mchuuzi unayemtaka na mteja wake pia, kwa wakati mmoja, na sentensi inayomvutia mmoja inaweza kumkimbiza mwingine. Kila kibwagizo sasa nakisoma mara mbili, mara ya pili kwa masikio ya mtu ambaye tangazo halikumkusudia. Nikarudi kwenye jua na bei: "Jua lizame, bei isizame."

Sasa urefu. Wengi huambiwa wahesabu maneno, na kwa Kiswahili hesabu hiyo inadanganya. "Na" ni neno moja, na "hawatakupunguzia" ni neno moja. Mimi nahesabu mizani, kama walivyohesabu wazee wetu wa mashairi hapa Tanga. Gonga kidole kwa kila irabu, na uongeze kimoja kwa "m" au "n" inayosimama peke yake, kama katika "mchuuzi" na "nne". Nikisoma kwa mwendo wa tangazo, bila kukimbia, natoa karibu mizani 6 kwa sekunde. Jipime mwenyewe kwa saa ya simu, maana wengine ni wazito na wengine wana mbio. Katika sekunde 30 naweka kando kama 6 kwa sauti za mazingira na pumzi, zinabaki 24. Hizo ni mizani 144, yaani mishororo 9 ya mizani 16. Beti mbili na mshororo mmoja. Ukiliona tangazo kwa kipimo hicho, unaacha mara moja kutaka kuweka kila kitu.

Ile sentensi kubwa ya slaidi peke yake ina mizani 43, karibu theluthi ya tangazo zima. Lakini mlaji mkubwa zaidi ni tarakimu, kwa sababu kwenye slaidi zinaonekana fupi. "48" ni alama mbili tu kwa jicho, ila mdomoni ni "saa arobaini na nane", mizani 10. Namba ya simu ya tarakimu kumi inapita mizani 20, na lazima isomwe polepole. Namba mbili zingekula sekunde 7 hadi 10, na wa kwenye pikipiki asingeziandika popote. Nilizikataa zote mbili. Kijana hakufurahi, tukakubaliana ziende kwenye kibandiko cha kasha. Mahali penyewe panapojulikana na kila mtu ni anwani tosha.

Kile kinyota nacho. Maelezo yake, kwa maandishi ya kutafuta na miwani, yalisema saa 48 ni kwa joto la nyuzi 25, kifuniko kikiwa kimefungwa muda wote. Redio haina kinyota. Ukisema "siku mbili" hewani, ambayo ni mizani 4 tu na inatamanisha, umeahidi siku mbili za Tanga, za jua la Tanga, na kifuniko kinachofunguliwa kila mteja akifika. Tulilijaza kasha barafu asubuhi moja, tukalifungua na kulifunga kama mchuuzi anavyofanya. Kesho yake asubuhi barafu ilikuwapo bado. Mchana ilikuwa maji. Basi tangazo likasema "hadi kesho asubuhi". Hata zile lita 60 nilikuwa nimeziandika "ndoo tatu za samaki", nikakumbuka kwamba barafu nayo inataka nafasi, na kwa joto letu wachuuzi huweka barafu karibu sawa na samaki. Ndoo tatu zingekuwa uongo. Ujazo nikauacha kabisa.

Skripti iliyorekodiwa mwishoni ni hii:

SAUTI: Kelele za soko, kwa mbali. (sekunde 2)
MUUZAJI (mwanamke, kwa nguvu): Kolekole elfu kumi!
MUUZAJI (nguvu zimepungua): Kolekole elfu saba!
MUUZAJI (amechoka): Haya, elfu nne, chukua.
SAUTI: Soko linanyamaza.
MSIMULIZI: Jua likishuka, bei nayo hushuka. Mama, kaka, usiuze kwa hofu. Kasha la barafu hutunza samaki wako hadi kesho asubuhi. Linafungwa nyuma ya pikipiki, uende nalo Muheza.
SAUTI: Kifuniko kinafunguliwa. Kelele za soko zinarudi.
MUUZAJI (kwa furaha): Kolekole elfu kumi! Na leo sipunguzi!
MSIMULIZI: Kasha. Jua lizame, bei isizame.
MKIA: Njoo ulione Jumamosi, Soko la Samaki Deep Sea, saa moja asubuhi.

Hesabu mizani ukitaka, "Deep Sea" ikiwa mbili kama inavyotamkwa, utapata 144. Haikuja hivyo mara ya kwanza. Rasimu ya kwanza ilikuwa 190 na kitu, na msomaji aliikimbiza kama mtu aliyeachwa na basi. Hiyo ndiyo dalili ya kuangalia: ukimsikia msomaji anameza silabi za mwisho, au anavuta pumzi katikati ya sentensi, usimlaumu, kata maneno. Fundi mitambo anaweza kubana sauti ili iishe kwa wakati, ila kila mtu atasikia kwamba imebanwa.

Zile sauti tatu za muuzaji zinafanya kazi ambayo kwenye slaidi ingefanywa na mchoro wa mshale unaoshuka. Hakuna anayesema "hasara", bei inashuka masikioni mwako. Ndiyo sababu nilikataa pia kutaja Sh 85,000. Kijana alisisitiza, na kwa tangazo lingine angekuwa sahihi. Lakini hapa msikilizaji ameshabeba kumi, saba na nne. Bei nyingine juu ya hizo ingemvuruga, angebaki anajiuliza kama themanini na tano ni ya samaki gani. Bei ya kasha ataiona Jumamosi, akiwa amelishika.

Jambo dogo lililonipa somo studio: samaki wangu wa kwanza alikuwa changu. Kwenye karatasi, "Changu elfu kumi" ni samaki. Hewani ilisikika kama mtu anayedai chake. Tulisikiliza kwa spika ya simu ya bei rahisi, pikipiki ikiwa imewashwa nje ya mlango, na watu wawili kati ya watatu waliuliza, "Chake nini?" Ndipo kolekole akaingia. Jaribio hilo la spika mbovu na kelele nalifanya kila mara, tena kwa mtu ambaye hajaona slaidi. Simuulizi kama amelipenda. Namuuliza kinauzwa nini na aende wapi. Akikosa kimojawapo narudi kwenye daftari.

Mkia nao urekodiwe peke yake, ukiwa umeachwa nafasi ya pumzi kabla yake. Tangazo linapigwa siku nyingi, na siku ya uzinduzi ikipita, "Jumamosi" inageuka kuwa Jumamosi ijayo masikioni mwa mtu, anakuja sokoni hakuti kitu. Kwa sababu hiyo hiyo usiandike kamwe "kesho" kwa tukio. Sisi tulirekodi mikia miwili siku hiyo hiyo, sauti ile ile. Wa pili ulisema tu kwamba Kasha lipo pale pale sokoni kila siku asubuhi, na Jumapili fundi akabadilisha mkia bila kuita mtu studio tena.