Una rezista ya 270 na unataka 250: ya kuweka sambamba si 20

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Nina kihisi kinachotoa mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Nataka kuubadilisha uwe volti 1 hadi 5, kwa hiyo nahitaji omu 250. Nimekosa ya 250, nimepata ya 270. Tofauti ni 20, basi nikaweka ya omu 20 sambamba nayo. Mbona kihisi kikifika miliampea 20 napata volti 0.37 tu?"

Swali zuri, na kosa lake ni la watu wengi. Ya pili ilipaswa kuwa karibu omu 3,300. Ukishaona 3,300 inatoka wapi, hutahitaji tena kubahatisha rezista ya sambamba, ndiyo maana nalijibu kwa urefu.

Kwanza, hakukosa kwa uzembe. Katika mfululizo wa kawaida wa rezista za asilimia 5, ukitoka 240 unakutana na 270. Katikati hakuna kitu. Mfululizo wa asilimia 1 una 249, na kama unaweza kuipata, itumie, kazi imekwisha. Yanayofuata ni kwa ajili ya mwenye 270 mkononi.

Iite rezista ya pili x. Ukinzani wa jumla ni zao la hizo mbili kugawanywa kwa jumla yao:

```
R(x) = 270x / (270 + x)
```

Tazama x ilipo: iko juu ya mstari wa sehemu na iko chini pia. Hapo ndipo hesabu ya "tofauti ni 20" inapovunjika. Ukiongeza x, kiasi kinakua, lakini asili nayo inakua, hivyo R haipandi kwa kufuata x hatua kwa hatua. x ikiwa ndogo sana mbele ya 270, asili ni kama 270 tupu, zile 270 mbili zinakatana, na R inabaki karibu sawa na x yenyewe. Ndicho kilichomkuta msomaji wetu: aliweka 20, akapata 270 × 20 / 290, yaani omu 18.6. Zidisha kwa miliampea 20 utaziona volti zake 0.37. Mkondo karibu wote ulipita kwenye ile ndogo, na ile ya 270 ikabaki pambo.

x ikiwa kubwa sana, mambo yanageuka. R inapanda kuelekea 270 na haifiki kamwe. Chora grafu yake: inaanzia sifuri, inapanda kwa kasi, inapita 135 pale x inapokuwa 270, kisha inajilaza chini ya mstari wa 270 bila kuugusa. Fomula ina pengo pia kwenye x = −270, maana hapo asili inakuwa sifuri, lakini hakuna rezista ya kawaida yenye omu hasi, kwa hiyo upande huo wa grafu tuwaachie wanaofanya mtihani. Sisi tunataka 250, ambayo iko juu, karibu na dari. Basi x lazima iwe kubwa.

Kubwa kiasi gani? Fomula hiyohiyo inaweza kuandikwa kwa sura nyingine, na mimi naipenda zaidi hii:

```
R(x) = 270 − 72900 / (270 + x)
```

72,900 ni 270 mara 270. Sura hii inasema wazi kinachotendeka: unaanza na 270, halafu rezista ya pili inapunguza kitu fulani. Sisi tunataka ipunguze omu 20. Kwa hiyo 72,900 igawanywe kwa 20, unapata 3,645. Hiyo ni 270 + x. Toa 270, x ni 3,375. Omu 20 alizokuwa anaziona zina kazi kweli, ila kazi yake ni kuwa kigawanyo.

Ukitaka fomula ya moja kwa moja kwa rezista yoyote A na lengo lolote R, ni hii:

```
x = A·R / (A − R)
```

Rezista ya 3,375 nayo haipo, lakini 3,300 ipo: machungwa, machungwa, nyekundu. Iweke kwenye fomula utapata 249.58, pungufu ya lengo kwa chini ya asilimia 0.2. Jirani yake wa juu, 3,600, anatoa 251.16. Chukua 3,300.

Wengi wanalehemu hapo hapo na kuondoka, na hapo ndipo tatizo la pili linapoanza. Zile 270 na 3,300 ni namba zilizopakwa rangi. Mstari wa dhahabu unasema rezista yenyewe inaweza kupotoka kwa asilimia 5 juu au chini. Tujaribu moja moja. Kama 3,300 imepotoka yote asilimia 5, inakuwa kati ya 3,135 na 3,465, na jumla inakuwa kati ya 248.6 na 250.5. Hiyo ni omu moja hivi kila upande. Sasa iache 3,300 iwe kamili na uipotoshe 270: ikiwa 256.5 jumla inashuka hadi 238, ikiwa 283.5 inapanda hadi 261. Kwa omu 261, miliampea 20 zinatoa volti 5.22, na kifaa kinachosoma mwisho volti 5 kitagota juu kabla kihisi hakijafika mwisho wake.

Asilimia ileile ya kosa, madhara tofauti kabisa. Sababu yake inaweza kusomwa kwenye mgawanyo wa mkondo. Katika miliampea 20, karibu 18.5 zinapita kwenye 270 na 1.5 kwenye ile kubwa, yaani asilimia 92.6 na 7.4 kwa lengo letu. Kwa makosa madogo, kila rezista inaingiza kosa lake kwenye jumla kwa fungu lilelile la mkondo inaoubeba. Ndiyo maana haina faida kutafuta rezista ya pili iliyo sahihi mno huku ya kwanza ikiwa ya kubahatisha. Hilo linahusu joto pia: ukinzani wa jumla utayumba kwa joto karibu sawa na ile ya 270, kwa hiyo ukiwa na fedha ya rezista moja tu nzuri, iwe hiyo.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na nasisitiza mpangilio wake: pima rezista ya kwanza, ndipo ukokotoe ya pili. Gusanisha kwanza ncha za multimita, soma ukinzani wa nyaya zake, uutoe kwenye kipimo. Kisha pima 270 ikiwa peke yake, haijaunganishwa popote. Tuseme imesoma 264. Sasa A ni 264, si 270: 264 × 250 / 14 ni 4,714, na rezista ya 4,700 inakupa 249.96. Ikisoma 276, hesabu inadai 2,654. Ya 2,700 inakupa 250.4. Rezista zote mbili ni za bei ya chini, za asilimia 5, na matokeo yako yako ndani ya asilimia 1 hata ile ya pili ikipotoka yote. Ikisoma chini ya 250 itupe pembeni, kwani rezista ya sambamba haipandishi ukinzani kamwe. Hiyo inahitaji nyongeza ya mfuatano.

Kuna hali moja inayowatisha watu bure. Kama ya kwanza imesoma 252, x inakuwa 31,500. Ikisoma 253, x inakuwa 21,083. Omu moja tu, na jibu limeruka kwa elfu kumi! Ni kwa sababu A − R iko chini ya mstari, na namba ndogo ikikaa chini, jibu linalipuka. Lakini usihangaike. Kwenye eneo hilo grafu imelala, na mabadiliko makubwa ya x yanaisogeza R kidogo mno. Ukiweka 22,000 kwenye rezista ambayo kweli ni 252, unapata 249.1. Kosa lako halizidi lile la multimita.

Usipime ile kubwa huku umeshika miguu yake yote miwili kwa vidole. Mwili wako ni rezista ya sambamba. Kwenye 270 hutaona tofauti, lakini kwenye makumi ya maelfu namba inaweza kushuka na kuchezacheza kadiri unavyobana. Na usipime chochote kikiwa kwenye saketi: utakuwa unapima jumla ya vyote vilivyo sambamba nacho, na kwa kawaida kipimo kitasoma chini ya ukweli.

Msomaji aliuliza pia kama anaweza kuweka rezista ya kuzungusha ya kilo-omu 10 mahali pa x. Anaweza, lakini si peke yake. Ikizungushwa hadi sifuri inaleta shoti na volti zote zinapotea. Tena, nusu ya kwanza ya mzunguko inaibeba jumla kutoka 0 hadi 256, na nusu ya pili inaongeza omu 7 tu, kwa hiyo unapohitaji utulivu unakuta kitufe kina papara. Weka rezista ya kudumu ya 2,000 mfuatano na hiyo ya kuzungusha, halafu jozi hiyo ndiyo iwe sambamba na 270. Sasa x inatembea kati ya 2,000 na 12,000, ambayo inatosha kurekebisha 270 yoyote iliyo ndani ya asilimia 5 zake.

Joto halina shida hapa: kwa volti 5, ile ya 270 inakula wati 0.093 na ya 3,300 chini ya wati 0.01. Za robo wati zinatosha.

Ukimaliza, pima volti kwa miliampea 4 na kwa miliampea 20. Zikisoma 0.98 na 4.90, zote zimepungua kwa asilimia 2, basi ukinzani wako ni 245 na x inahitaji kuongezwa. Lakini zikisoma 0.98 na 4.98, upungufu ni uleule wa volti 0.02 pande zote mbili. Hapo usiguse rezista. Kihisi ndicho kinachotuma mkondo pungufu, na marekebisho yafanyike kwenye sifuri yake.