Pale "Na" inapokaa vizuri, na pale inapolazimishwa

Waandishi wachanga ninaowasomea kazi zao hapa Mwanza wengi wameshaambiwa waandike kama wanavyoongea. Ushauri huo naukubali. Tatizo ni kwamba wengi huutekeleza kwa njia tatu tu: kuanza sentensi kwa "Na" au "Lakini", kukata sentensi vipande, na kufupisha maneno. Zote tatu zinaruhusiwa na mimi mwenyewe nazitumia. Zinaanza kuonekana za kulazimisha pale zinapofanya kazi ambayo sarufi ya Kiswahili imeshaifanya kwa njia yake.

Tuangalie aya hii. Aliiandika binti mmoja wa Ilemela, akisimulia habari za mama yake anayeanika dagaa kwenye mwalo wa Igombe:

"Mama alisikia radi. Na akaacha sufuria jikoni. Na akakimbia mwaloni. Lakini mvua ilikuwa imeanza. Na dagaa. Walikuwa mchangani. Wote."

Binti anakijua anachokisimulia. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa, mitumbwi ikirudi asubuhi huanikwa, na wakilowa kabla hawajakauka huharibika. Walioharibika mara nyingi huishia kuuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo mvua ndiyo habari yenyewe. Aya hii inamchosha msomaji kabla hajaifikia.

Nilipoweka alama kwenye "Na" mbili za kwanza, aliniambia, "Dada, hizo nimeziweka makusudi, zinatia mkazo." Nikamwomba aisome sentensi ya pili bila "Na": "Akaacha sufuria jikoni." Hakuna kilichopungua. Sababu ni ile "-ka-" iliyomo ndani ya kitenzi. Yenyewe tayari inasema "kisha hili likafuata". Ukiitanguliza "Na", umeunganisha mara mbili, na msomaji anauhisi uzito huo hata kama hawezi kuueleza. Tena matendo yanayofuatana kwa "-ka-" hupenda kukaa sentensi moja, yakitenganishwa na mkato: alisikia radi, akaacha sufuria jikoni, akakimbia mwaloni. Mbio za mama zinaonekana humo humo. Nukta zilikuwa zinamsimamisha njiani.

"Na" ya tatu ni kesi nyingine kabisa. "Na dagaa walikuwa mchangani." Hapa hakuna tendo linalofuata lingine. Kuna hali mbili zilizopo kwa wakati mmoja: mvua imeanza, na mali iko chini. "Na" inaliweka tatizo la pili juu ya la kwanza, na ukiiondoa aya inapoa. Ndiyo maana mimi huangalia kitenzi kwanza. Kikiwa na "-ka-", naifuta "Na" bila kusita. Kikieleza hali (walikuwa, hana, haujafika, ni), naisoma sentensi mara mbili, ikiwa nayo na ikiwa haina, halafu naamua.

Kuna kighairi kimoja kizuri, nacho ni "naye" na "nao". "Naye jirani akaleta turubai" ni sentensi safi kabisa, pamoja na kwamba ina "-ka-". Hapo "naye" haiunganishi matendo, inamtambulisha mtendaji mpya. Ukisema "Naye akakimbia" wakati anayekimbia ni mama yule yule, msomaji atageuka kumtafuta mtu mwingine ambaye hayupo.

"Lakini" ina shida chache zaidi. Kuanza nayo ni kawaida, mradi kuna kitu kinachopingwa: mama amekimbia, lakini mvua imemtangulia. Ya kuangaliwa ni "bali". Hiyo huegemea ukanushi uliotangulia, kwa hiyo "Hakulia. Bali alianza kuzoa" inakatika vibaya. Mkato unatosha: "Hakulia, bali alianza kuzoa."

Sasa vipande. Sentensi fupi ya Kiswahili si lazima iwe kipande. "Wamelowa" ni neno moja lenye mtendaji, wakati na tendo. Ni sentensi kamili. Hata "Dagaa ghali leo" haina kitenzi na hakuna anayehisi imepungukiwa. Kipande cha kweli ni pale unapoacha kitu kinachosubiri mwenzake. "Na dagaa." Halafu nukta. Halafu "Walikuwa mchangani." Hapo mtendaji ametengwa na tendo lake bila faida yoyote. Vivyo hivyo "Wanawake wa mwaloni. Ambao huamka alfajiri." Neno "ambao" haliwezi kusimama peke yake, wala kishazi cha "-ki-" kama "Ukifika pale." Msomaji anabaki akisubiri.

Lakini "Wote" ya mwisho nilimwambia asiiguse. Inasimama peke yake kwa sababu ya upatanisho: ule mwanzo wa "w-" unaishika "dagaa" iliyotangulia, na hakuna kitu kingine kwenye sentensi ile ambacho unaweza kukishika. Huo ni msaada mkubwa tulio nao. Ukiandika "Alibeba kikapu na ndoo. Kimejaa", msomaji anajua ni kikapu. Ukiandika "Imejaa", ni ndoo. Ila vitu viwili vikiwa na upatanisho mmoja, kama ndoo na sufuria, kipande "Imejaa" kinazua swali, na hapo lazima urudie jina. Na kipande kimoja kwa aya kinatosha. Binti angeandika "Wote. Wabichi. Mvuani." ile "Wote" isingekuwa na nguvu tena.

Aya ikawa hivi:

"Mama alisikia radi, akaacha sufuria jikoni, akakimbia mwaloni. Lakini mvua ilikuwa imeshaanza. Na dagaa walikuwa mchangani. Wote."

Nimeongeza "imeshaanza", ambayo ni ufupisho wa "imekwisha kuanza" uliokubalika kila mahali, hata kwenye barua ya serikali ya mtaa. Ndivyo zilivyo pia "mkewe", "mwenzangu", "nami". Hizi hazimfanyi msimulizi aonekane wa kijiweni. "Ndo", "mi" na "saivi" ni za mdomoni, na mahali pake ni ndani ya alama za usemi.

Hapo ndipo binti alipopata taabu zaidi. Alikuwa amemwekea mama yake mdomoni maneno haya: "N'takwambia n'ni, mwanangu, dagaa keshalowa." Kwanza, "kesha-" ni ya mtu mmoja, ni mapokeo ya Pwani, na hata huko wengi wangekuwa "wesha-". Pili, mama huyu ni wa Igombe. Nikamuuliza binti, "Mama alisema nini hasa?" Akajibu bila kufikiri: "Alisema, 'Mi nitasema nini, mwanangu. Washalowa.'" Ikaandikwa hivyo hivyo.

Tazama alama ya ritifaa nayo. Kwenye Kiswahili ina kazi yake maalumu ya kutofautisha ng'ombe na ngoma. Ukiimwaga kila herufi inapomezwa, jicho linajikwaa, na msomaji anaanza kutamka badala ya kusikiliza. "Mi" na "washalowa" hazina ritifaa hata moja, na sauti ya mama inasikika. Kwa mazungumzo marefu mimi huchagua fupisho mbili au tatu ambazo mhusika huyo huzitumia kweli, nazirudia kila anapofungua mdomo, na maneno mengine yote nayaandika kamili.