Saidi, Said au Saeed: jina moja au matatu?

*Assalaam alaykum mwalimu. Baba yetu wa Bombo, Uganda, kwenye kitambulisho chake ni Saidi Abdulghani. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Said Abdul Gani, cha dada yangu Saeed Abdulghany. Hati ya ndoa ya wazazi iko kwa Kiarabu. Nani alikosea, na tufuate ipi?*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Hapo hakuna aliyekosea. Kila karani aliandika alichosikia.

Anza na Abdulghani. Herufi yenyewe ni ghaini, غ. Kiswahili kina sauti hiyo, ndiyo ile ya ghali na lugha, kwa hiyo mwenye Kiswahili huandika gh. Luganda hakina, na karani Mganda huisikia kama g ya kawaida. Gani na Ghani ni herufi moja.

Saidi ina mtihani zaidi, kwa sababu aini, ع, haimo katika Luganda wala Kiswahili. Kwa Kiarabu ni سعيد: sini, aini, ya, dali. Aini ikidondoka, a na i zinakutana, unapata Said. Aliyezoea tahajia ya Kiingereza huandika ile i ndefu kwa ee. Sisi tusiopenda neno liishie kwa konsonanti tunaongeza i mwishoni.

Hatari iko kwingine. سعد, yaani Saad, ni jina tofauti. سيد, yaani Sayyid, nalo ni tofauti, na makarani wengine huliandika Said vilevile. Kwa herufi za Kilatini huwezi kuamua, ndiyo maana hati ile ya ndoa ina thamani. Tazama kinachofuata sini: aini ya katikati ni kifundo kidogo kilichofumbwa, kisha lazima uone ya yenye nukta mbili chini. Kifundo kipo lakini ya haipo? Hiyo ni Saad. Ya ipo bila kifundo? Sayyid.

Mtazame na nukta ya ghaini kwenye karatasi ya asili. Fotokopi huifuta, na الغني ikabaki العني. Nimeletewa nakala za namna hiyo mara nyingi. Al-Ghani ni katika majina ya Mwenyezi Mungu, العني si mojawapo, basi jueni nukta ndiyo iliyopotea.

Msishawishike kuandika Sa'id. Mistari miwili ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine haipokei alama hiyo. Huachwa tu, na jina hutoka hivi:

```
ABDULGHANI<<SAID
```

Fuateni tahajia ya kitambulisho cha mzee, kwa kuwa yeye ndiye mwenye jina. Kisha mzee mwenyewe aape hati ya kiapo mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, akitaja tahajia zote tatu herufi kwa herufi, pamoja na سعيد عبد الغني, kwamba zote ni zake. Hata nafasi kati ya Abdul na Gani iandikwe kama ilivyo kwenye cheti chako.