Aya ndefu nikate wapi, na hivi vijiaya niviunge?

"Wadau, makala yangu ya Bagamoyo ina aya moja ya mistari 22, halafu chini vijiaya viwili vya sentensi mbili mbili. Nikate wapi, niunge wapi?"

Mkuu usihesabu mistari, angalia kila sentensi inamzungumzia nani. Hapo juu unaanza na misafara ya pembe na wapagazi, halafu inakuja "Ndiyo maana Wajerumani waliweka makao makuu hapa", kisha "Mwaka 1891 wakayahamishia Dar". Wengi wangekata kwenye 1891 kisa kuna mwaka, mi nakata kabla ya "Ndiyo maana", maana ukichelewa sentensi moja tu aya mpya inaanza na "wakayahamishia", msomaji anabaki anajiuliza nani kahamisha nini. Ila hiyo "Ndiyo maana" geuza iwe "Biashara hiyo ndiyo iliwavuta Wajerumani...", isimame yenyewe.

Vile vijiaya, kimoja kinasema nyumba za mji mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kingine chumvi na unyevu vinakula kuta. Jaribu kutia "kwa hiyo" katikati. Inakaa, mawe hayo yana vitundu vinavyofyonza maji ya chumvi, basi unga. Ingekubali "pia" tu ningeviacha mbali mbali.